Aleji ya Penisilini kwenye Kadi ya Mtoto: Vipele, Mzio wa Kweli na Wakati wa Kujaribu Tena

Kata ya Nyabibuye iko kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma, upande wa mpaka wa Burundi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Kibondo hadi Wilaya ya Kakonko ilipoanzishwa mwaka 2012. Mtoto wa huko akikohoa na kupumua kwa haraka, zahanati humpa amoksilini, kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyushwa kwenye maji. Ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia ya kawaida kwa mtoto chini ya miaka mitano, na ni ya ukoo wa penisilini. Siku ya nne au ya tano mama anamvua mtoto nguo amwogeshe, anakuta vipele tumbo zima. Anasimamisha dawa, anarudi zahanati, na kwenye kadi ya kliniki linaandikwa neno moja fupi: aleji ya penisilini. Kuanzia hapo kila anayeifungua kadi anaogopa.

Andiko hilo, likikaa peke yake, halijathibitisha kitu. Linasema tu kwamba dawa na vipele vilikutana katika juma moja. Kabla ya kulitii kwa miaka inayokuja, tunapaswa kuuliza vipele vilianza lini, vilikuwa vya namna gani, na viliandamana na nini. Majibu ya maswali hayo matatu huwagawa watoto makundi mawili: wengi ambao hawana mzio kabisa, na wachache ambao kuwapa dawa ile tena ni kucheza na uhai wao. Kosa la kuwachanganya lina gharama pande zote mbili, na naona sisi tumezoea kuliona la upande mmoja tu.

Hospitali ya watoto ya Montreal, Kanada, ilichapisha mwaka 2016 matokeo ya watoto 818 walioshukiwa kuwa na mzio wa amoksilini. Walipewa dawa hiyohiyo tena chini ya uangalizi. Watoto 94 katika kila 100 hawakupata lolote. Waliopata dalili ndani ya saa moja walikuwa 17, na waliopata baadaye walikuwa 31, wengi wao vipele vya kawaida tu. Miaka mitano kabla ya hapo, madaktari wa Geneva waliwajaribu watoto 88 waliokuwa wametokwa na vipele au mabaka wakiwa kwenye dozi. Ni sita tu waliotokwa tena, na takriban theluthi mbili ya watoto wote walikutwa na virusi mwilini. Tafiti hizi zimefanyika mbali na Kigoma, lakini virusi vinavyowatoa watoto vipele havijui mipaka, na utaratibu wetu wa kutoa amoksilini kwa mtoto mwenye homa unakutanisha dawa na virusi mara kwa mara vilevile.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto mdogo hapewi antibayotiki akiwa mzima. Hupewa akiwa na homa, na homa nyingi za utotoni huletwa na virusi. Virusi hivyo vina tabia ya kutoa vipele siku kadhaa baada ya homa kuanza, wakati uleule ambao dozi imefika katikati. Kuna maradhi ya watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili ambayo madaktari huyaita roseola: homa kali siku tatu hivi, kisha homa inashuka ghafla, na inaposhuka vipele laini vinatanda kifuani na mgongoni, vinakaa siku moja au mbili, vinakwisha vyenyewe. Mtoto wa namna hiyo akianzishiwa amoksilini siku ya kwanza ya homa, vipele vitatokea siku ya nne, awe amekunywa dawa au maji matupu. Wakati mwingine virusi na dawa hushirikiana kweli. Anayeugua homa ya tezi iletwayo na virusi vya Epstein-Barr akinywa amoksilini hupata vipele mara nyingi zaidi kuliko asiyeinywa, lakini akishapona aghalabu huinywa dawa ile bila shida.

Swali la muda, basi, ndilo la kwanza, na huamua mengi. Mzio wa papo hapo, ule unaotokana na kingamwili zilizojiandaa dhidi ya penisilini, hujitokeza kwa kawaida ndani ya saa moja baada ya dozi, na mara chache huchelewa hadi saa kadhaa. Vipele vilivyotokea siku ya nne, asubuhi, saa kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, haviendani nao. Kwa hiyo "alitokwa na vipele alipokunywa amoksilini" ni maelezo pungufu. Tunahitaji kujua ilikuwa dozi ya ngapi, na kutoka dozi hiyo hadi kipele cha kwanza zilipita dakika au siku.

Umbo ndilo la pili. Vipele vinavyochelewa huwa vidogo, vingi, vimetawanyika, haviwashi sana, na kila kimoja hukaa mahali pake mpaka kifife. Mabaka ya mzio wa papo hapo huvimba kama ya mtu aliyeguswa na upupu: yanawasha vikali, yana kingo, na yanahama, kwamba lililokuwa mkononi saa mbili halipo saa tano na jingine limeota pajani. Ila hata mabaka ya aina hii, yakianza siku ya tano ya dozi kwa mtoto mwenye mafua na homa, mara nyingi ni kazi ya virusi. Umbo bila muda hupotosha.

Vitabu vingi vya tiba vina picha za ngozi nyeupe, na maneno yake ni "wekundu" hapa na "wekundu" pale. Kwenye ngozi ya mtoto wa Kigoma wekundu huo mara nyingi hauonekani. Vipele huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau kidogo, au havionekani kabisa mpaka upitishe kiganja. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya chumbani. Papasa uone kama kuna uvimbe. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na mdomoni, ambako rangi haifichi. Ikiwa mama ana simu, apige picha siku hiyohiyo, maana atakapofika kituoni kesho kutwa huenda pamebaki madoa meusi tu.

La tatu ni mambo yaliyoandamana na vipele, na hapa hatuna nafasi ya kukosea. Kama ndani ya muda mfupi baada ya dozi mtoto alikohoa mfululizo, akapumua kwa mluzi, sauti ikakauka, midomo au ulimi ukavimba, akatapika tena na tena au akalegea, huo ni mzio wa kweli hadi ithibitishwe vinginevyo. Siku yenyewe ya tukio dawa yake ni adrenalini, sindano ya paja kwa upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, inayorudiwa baada ya dakika tano hadi kumi na tano asipopata nafuu. Piritoni haiokoi pumzi. Hutuliza muwasho tu, na kuitegemea ni kupoteza dakika.

Kundi jingine la hatari huja polepole, baada ya siku au hata majuma. Vipele vinauma badala ya kuwasha, malengelenge yanatokea, ngozi inachunika ukiigusa, macho yanakuwa mekundu yenye utando, midomo na sehemu za siri zinapata vidonda. Au homa inapanda tena, uso unavimba, tezi zinatuna, macho yanageuka manjano. La kwanza ni tatizo liitwalo Stevens-Johnson na ndugu zake. La pili huingia hadi ini na figo. Mtoto aliyepitia mojawapo hajaribiwi tena, si zahanati, si hospitali ya rufaa, si baada ya miaka kumi. Andiko lake libaki, na liandikwe kwa maelezo kamili ili asitokee mtu wa kulifuta kwa sababu alisoma kwamba aleji nyingi si za kweli. Kumbuka pia kwamba septrini huleta tatizo hili mara nyingi kuliko penisilini, na mama akisema "dawa ile nyeupe ya maji" huenda anaizungumzia septrini. Jina la dawa litafutwe kwanza.

Kuna maandishi mengine ambayo hayahitaji hata kujaribiwa. Kuharisha baada ya amoksilini si mzio. Baba kuwa na aleji si aleji ya mtoto. Homa inayoendelea pamoja na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio na usoni, macho mekundu na kikohozi, ni surua mpaka ionekane sivyo, na anayeandika "aleji" hapo amekosa mara mbili: amemfungia mtoto dawa, na amekosa kutoa taarifa ya ugonjwa unaoambukiza kijiji. Hata sindano ya PPF ina kituko chake. Ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, mgonjwa hushikwa na hofu kubwa ghafla, anaona au kusikia visivyokuwepo, anadhani anakufa, kisha ndani ya dakika chache anatulia. Hilo ni tukio la kutisha kwa aliyelishuhudia, lakini kupumua na mapigo ya damu hubaki vizuri na hakuna mabaka. Si mzio.

Mtu anaweza kuuliza: basi mtoto aache tu penisilini, dawa si zimejaa? Zimejaa, ila haziko sawa. Mtoto akiwa na nimonia, erithromaisini humuumiza tumbo na mara nyingi haimtibu vyema kama amoksilini. Mwenye selimundu huhitaji penisilini ya vidonge kila siku katika miaka yake ya mwanzo ili asivamiwe na vijidudu vya damu. Aliyeharibiwa valvu za moyo na homa ya baridi yabisi huchomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Na msichana mwenye andiko hilo, akija kushika mimba na kukutwa na kaswende, benzathini ndiyo dawa pekee inayoaminika kumkinga mtoto aliye tumboni. Andiko la utotoni linaweza kumfuata mpaka siku hiyo, wakati hakuna tena anayekumbuka vipele vilikuwaje.

Tuchukue mfano, wa kutunga lakini wa kawaida kabisa. Mtoto wa kike, miaka miwili na nusu, kilo 12, anafika kituo cha afya kwa chanjo ya mdogo wake akiwa mzima. Kadi yake ina andiko la aleji tangu alipokuwa na miezi kumi na mmoja. Tabibu anaketi na mama.

"Mama, homa ile ilianza siku gani?"

"Ijumaa. Jumamosi tukapewa kile kidonge cha kuyeyusha."

"Na vipele?"

"Jumanne jioni. Homa ilikuwa imekwisha, alikuwa ameanza kunyonya vizuri."

"Vilikuwa vinahama? Alikuwa anajikuna usiku?"

"Hapana, vilikuwa vidogovidogo tu, mgongoni na tumboni. Alhamisi havikuwepo."

"Midomo, macho, pumzi?"

"Hakuna kitu."

Kadi haina habari hizi hata moja, lakini mama alikuwa nazo muda wote. Siku ya nne ya dozi, homa imeshuka ndipo vipele vikatoka, havikuhama, havikugusa macho wala mdomo, vikakwisha kwa siku mbili. Hiyo ni roseola karibu kabisa. Mtoto huyu hahitaji kipimo cha ngozi. Vipimo hivyo hutumia viambato maalumu visivyopatikana vituoni kwetu, na kwa vipele vyepesi vilivyochelewa havisaidii sana kutabiri. Kinachofaa ni kumpa amoksilini yenyewe, mahali salama, na kutazama.

Wakati wake ni upi? Iwe imepita angalau wiki nne hadi sita tangu vipele kwisha, na mtoto awe mzima. Hakuna haja ya kungoja afike umri wa shule. Kinyume chake, ninasisitiza kwamba jaribio lifanyike kabla ya ugonjwa ujao, kwa sababu ukimjaribu akiwa na homa na akatokwa na vipele, umerudi ulipoanzia. Asiwe amekunywa piritoni au setirizini kwa siku tano zilizotangulia, maana huweza kuficha dalili. Akiwa na pumu isiyotulia au anapumua kwa mluzi, ahirisha. Mzazi aelezwe kitakachofanyika na akubali mwenyewe.

Mahali ni kituo cha afya au hospitali, asubuhi, penye mtu aliyewahi kutibu mzio mkali, oksijeni, na adrenalini iliyokwishaangaliwa tarehe yake. Si duka la dawa, si nyumbani. Dozi ya adrenalini ya mtoto huyu ikokotolewe na kuandikwa kabla ya kuanza: kilo 12 ni miligramu 0.12, ambayo kwenye kichupa cha miligramu 1 kwa mililita 1 ni mililita 0.12. Hesabu hiyo ni ngumu kuifanya mikono ikitetemeka.

Dozi kamili ya amoksilini ya uzito wake ni miligramu 500, yaani vidonge viwili. Njia iliyotumika Montreal ilikuwa kuanza na sehemu ya kumi ya dozi, kisha kumalizia sehemu tisa. Kwa vidonge vyetu inawezekana bila mizani. Yeyusha kidonge kimoja katika maji mpaka yatimie mililita 10. Sasa kila mililita ina miligramu 25. Koroga vizuri, kwa sababu chembe za dawa huzama chini, na uvute mililita 2 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hizo ni miligramu 50. Mpe mtoto, usiimwage ile iliyobaki. Ngoja nusu saa huku ukimtazama ngozi, ukisikiliza kifua, ukihesabu pumzi. Kama ametulia, koroga tena zile mililita 8 zilizobaki, yeyusha kidonge cha pili, umpe vyote. Jumla ya sehemu hiyo ya pili ni miligramu 450. Kisha akae kituoni saa nzima, acheze, anyonye, ale.

Makosa yanayotokea kwenye jaribio mara nyingi hayatokani na dawa. Mtoto aliyelia sana huwa na wekundu shingoni. Mate yenye dawa yakikauka kidevuni huwasha ngozi pale yalipogusa. Harara ya joto huwepo kabla hata dozi haijatolewa, ndiyo maana mvue nguo na umkague mwili mzima mwanzoni, uandike ulichokiona. Dalili ya kusimamisha ni mabaka yanayoota mbali na mdomo, kutapika kunakorudia, kukohoa, mluzi au kulegea. Mabaka machache peke yake hutibiwa na kuangaliwa kwa ukaribu; pumzi au mzunguko wa damu ukiguswa, adrenalini ichomwe mara moja.

Akiondoka salama, kazi ya mzio wa papo hapo imekwisha, lakini ule wa kuchelewa unahitaji siku. Mama aambiwe atazame ngozi kwa juma moja na amrudishe akiona vipele, au amkimbize akiona malengelenge au vidonda vya mdomo. Vikija vipele vyepesi vya kuchelewa bila dalili nyingine, tutasema kweli: huyu ni miongoni mwa wachache wenye mzio mwepesi. Andiko lake linabaki, lakini sasa lina maana, na kama siku moja atahitaji penisilini kwa ugonjwa mkubwa, daktari ataweza kupima faida na hasara akijua kwamba kinachotarajiwa ni vipele tu.

Watoto wenye historia ya mabaka au shida ya kupumua ndani ya saa moja ni habari tofauti. Hao wasijaribiwe Nyabibuye wala Kibondo wala Kasulu. Wapelekwe hospitali ya rufaa yenye mtaalamu, ambako kipimo cha ngozi hutangulia. Hata wao hawajafungwa milele. Kingamwili za penisilini hupungua mwili usipokutana na dawa, na takriban nusu ya wenye mzio huo huwa wameupoteza baada ya miaka mitano, wanane katika kila kumi baada ya miaka kumi. Kwa hiyo mtoto aliyepata mzio mkali akiwa na miaka miwili anastahili kutazamwa upya kabla hajamaliza shule ya msingi. Kwa sasa, akihitaji antibayotiki ya sindano, seftriaksoni kwa kawaida huwezekana chini ya uangalizi, kwa kuwa muundo wake unatofautiana vya kutosha na wa penisilini. Wanaodhurika na zote mbili ni wachache sana.

Yule mtoto wa kilo 12 akipita, andiko la zamani lipigwe mstari mmoja unaosomeka, na kando yake iandikwe tarehe, "amepewa amoksilini miligramu 500, hakupata dalili, penisilini inaruhusiwa", jina na saini. Kisha litafutwe kila mahali lilikonakiliwa: daftari la hospitali, faili la kliniki, kadi ya selimundu kama anayo. Lisipofutwa huko, litarudi kwenye kadi mpya siku ile ya zamani itakapopotea. Na baba, bibi na mwenye duka la dawa waambiwe pia, kwa kuwa usiku mtoto akishikwa na homa, wao ndio watakaosema, "huyu hapewi rangi mbili, ana aleji."